Mwenzenu amefariki usiku na mazishi ni kesho: jinsi ya kuwaambia wafanyakazi

Simu iliingia saa tano kasoro robo usiku. Dereva wetu mmoja alikuwa amepigiwa na jirani yake wa Mbagala, akaambiwa kwamba mtunza stoo wetu amefariki hospitalini. Kazini tulimwita Mzee wa Stoo ingawa alikuwa na miaka 46 tu. Alikaa nasi miaka 11, na hakuna katoni iliyoingia au kutoka ghalani bila kupita mkononi mwake. Alikuwa Mwislamu, kwa hiyo nilijua tangu dakika ile kwamba kama habari ni ya kweli, mazishi yatakuwa kesho. Nilikuwa na usiku mmoja na asubuhi moja ya kuwaambia watu 43: wa ofisini, wa ghalani, wa tawi letu la Mwanza, na madereva wawili waliokuwa safarini.

Nimekuwa afisa utumishi kwa miaka mingi Dar es Salaam, na misiba ya kazini nimeipokea mara kadhaa. Hapa nafuata msiba huu mmoja tangu simu ya kwanza, kwa sababu msiba wa haraka hauachi nafasi ya kurekebisha ulipokosea. Mwili ukisafirishwa kwenda Moshi au Bukoba na mazishi yakawa baada ya siku nne, mpangilio ni uleule, ila unapata muda zaidi.

Jambo moja nalishikilia kuliko yote: habari itoke kwa sauti kabla ya kutoka kwa maandishi, na ianzie kwa aliyekuwa karibu zaidi na marehemu. Niliwahi kufanya kazi mahali ambapo tangazo liliwekwa kwenye kundi la WhatsApp saa kumi na mbili asubuhi. Binamu wa marehemu alikuwa mfanyakazi palepale, idara nyingine. Alilisoma akiwa amesimama ndani ya daladala, katikati ya watu asiowajua. Miaka imepita, na bado anakumbuka nani aliliandika.

Kwanza, hakikisha, lakini usiulize kwa neno lenyewe

Habari ya kwanza huja kwa mtu wa tatu au wa nne. Usiipeleke mbele kabla hujaisikia kwa familia. Fungua jalada la mfanyakazi, tafuta jina la mtu wa karibu alilojaza alipoajiriwa, umpigie huyo. Usianze na mke au mume wa marehemu.

Ukipiga, usiseme "nimesikia amefariki". Huenda unayempigia bado hajui. Kwetu ni kawaida familia kumwambia mtu "mgonjwa amezidiwa, njoo", ili aikute habari akiwa amekaa chini, wazee wako naye. Ukilitamka neno lile kwenye simu, umevuruga walichokipanga, na pengine mtu yuko njiani peke yake. Mimi husema hivi: "Assalamu alaykum. Samahani kwa usiku huu. Mimi ni wa kazini kwa ndugu yetu, nilikuwa naulizia hali ya mgonjwa." Anayejua atakwambia mwenyewe. Asiyejua atasema mgonjwa yuko hospitali, nawe utasema "poleni kwa kuuguza", ukate simu, usubiri saa moja kisha umtafute ndugu mwingine.

Usiku ule mtu wa karibu alikuwa kaka yake mkubwa. Alinijibu, "Dada yangu, hatunaye tena." Nikasema, "Inna lillahi wa inna ilayhi raajiun. Poleni sana kaka." Kisha nikanyamaza. Simu ya kwanza si ya kukusanya taarifa. Nilimuuliza jambo moja tu kabla ya kuagana: asubuhi nimpigie nani, ili tusiwasumbue watu wote wa nyumbani? Akasema nimpigie yeye, baada ya swala ya Alfajiri.

Mambo manne ya kuiuliza familia

Saa kumi na moja na nusu nilimpigia. Daftari lilikuwa mbele yangu na maswali yalikuwa manne: msiba uko nyumba gani na inafikiwaje; mazishi yatakuwa makaburi yapi, baada ya swala ipi, na jeneza litatoka nyumbani saa ngapi; wangependa tuwaambie nini wafanyakazi kuhusu ugonjwa; na kama wanaridhia tutumie picha yake kwenye tangazo. Kaka alisema msiba uko nyumbani kwa marehemu, Mbagala, na mazishi ni baada ya Alasiri, watatoka nyumbani saa tisa. Picha alisema tusitumie.

Swali la ugonjwa ndilo gumu. Kaka alijibu, "Semeni aliugua kwa muda mfupi, basi." Mimi na meneja tulijua zaidi ya hapo, kwa sababu karatasi za hospitali zilipita mezani kwetu alipoomba ruhusa. Lakini kujua kwetu hakukutupa haki ya kusema. Ugonjwa wa mtu ni siri yake akiwa hai, na akifariki siri hiyo inabaki kwa familia yake. Ukiulizwa, na utaulizwa, rudia sentensi ileile bila kuongeza wala kupunguza: "Familia imetuambia aliugua kwa muda mfupi." Ukibadilisha maneno kidogo kwa kila anayeuliza, hadi mchana kutakuwa na hadithi tatu, na zote zitafika msibani kabla yenu.

Orodha ya nani anaambiwa kwanza

Hapa ndipo pa kutulia na kuandika, hata kama ni usiku wa manane. Chukua majina yote ya wafanyakazi, uyapange kwa ukaribu na marehemu. Cheo kisikuongoze. Kwetu orodha ilikuwa hivi.

Mkurugenzi nilimpigia usiku uleule, kwa sababu yeye ndiye mwenye kauli ya kutoa magari na ruhusa. Aliyemfuata alikuwa shemeji wa marehemu, mdogo wa mkewe, ambaye ni mpakiaji ghalani. Huyu sikumpigia kabisa. Nilimuuliza kaka, akasema tayari yuko nyumbani kwa dada yake. Ndugu wa marehemu aambiwe na familia, na kazi yako ni kujua tu kama ameshaambiwa, usije ukamfikia wewe kwanza.

Wa tatu alikuwa msaidizi wake wa stoo, kijana aliyekula naye chakula cha mchana kila siku. Yule dereva aliyenipigia nilimwomba aende nyumbani kwake, ni mitaa miwili tu, asimwambie kwa simu. Alikwenda saa moja kasoro asubuhi, wakaja kazini pamoja. Kama huna mtu wa kumtuma, piga simu, lakini uliza kwanza: "Uko wapi? Uko na nani? Naomba ukae."

Mlinzi wa getini husahaulika, na yeye ndiye wa kwanza kuonana na kila anayeingia. Akisikia nusunusu atasimulia nusunusu. Nilifika saa kumi na mbili na nusu, nikamwambia yeye kabla ya mtu mwingine, nikamwomba awapokee watu kama kawaida na kuwaambia tu kwamba saa moja na nusu tunakutana ghalani.

Madereva walio barabarani wana utaratibu wao. Mmoja wetu alikuwa ametoka Dodoma alfajiri, akirudi na lori. Usimwambie mtu habari ya kifo akiwa ameshika usukani, na usimtumie ujumbe akausoma akiendesha. Nilimpigia nikamuuliza alipo, akasema anakaribia Gairo. Nikamwomba asimame akifika mahali pa kunywa chai, anipigie. Alipopiga alikuwa ameshakaa chini, na utingo wake yuko naye. Nilimwambia, kisha nikamwambia apumzike hadi aone mwili umetulia, mzigo unaweza kuchelewa. Alikaa pale zaidi ya saa moja.

Kisha kuna walio mbali na macho yako: aliye likizo ya uzazi, aliye masomoni, aliye mgonjwa nyumbani, na tawi la mkoani. Hawa huwa wanazisikia habari mtandaoni kwa sababu hakuna aliyewakumbuka. Kwa Mwanza nilimpigia msimamizi wa tawi, nikamsomea maneno yaleyale ambayo ningeyasema ghalani, na tukakubaliana awaambie wenzake saa moja na nusu, wakati uleule na sisi. Kwa mwenzetu aliyekuwa ndani ya miezi ya mwisho ya ujauzito, nilimpigia mumewe kwanza, aamue yeye jinsi ya kumwambia.

Wote hawa niliwaomba jambo moja: wasiandike chochote popote hadi saa mbili na nusu asubuhi. Ukisema "msiseme" bila kutaja saa, hawataweza. Ukitaja saa, wengi watakusubiri.

Maneno yenyewe

Kiswahili chetu kina njia nyingi za kulizunguka jambo hili: ametutoka, hatunaye, ametangulia mbele ya haki, Mungu amemchukua. Ni maneno ya heshima na yana mahali pake msibani. Lakini kazini, "mwenzetu ametutoka" linaweza kusikika kama mtu ameacha kazi. Nimemwona mtu akiuliza amehamia kampuni gani, na uso uliombadilika alipojibiwa siwezi kuusahau. Kwa hiyo tangazo la kwanza liwe na neno "amefariki". Ni neno la wazi, na bado lina staha. "Amekufa" likwepe, masikio yetu hulisikia kali kwa binadamu.

Neno "marehemu" nalo lina wakati wake. Asubuhi ya kwanza, kwa watu waliomwacha jana akiwa hai, mimi hutaja jina lake kama walivyozoea kumwita. Kwenye maandishi na siku zinazofuata, "marehemu" linakaa vizuri.

Kwa mtu mmoja mmoja mambo matatu yanatosha kuongoza: onyo dogo, habari, kisha kimya. "Kaka, nina habari ya msiba. Mzee wa Stoo amefariki jana usiku." Halafu usiendelee. Wengi wetu tukiogopa kile kimya tunakijaza kwa maelezo ya saa, hospitali na mazishi, na aliyeambiwa hasikii hata moja. Mwache alie, akae, aulize. Anachouliza kwanza ndicho cha kujibu.

Mkutano wa dakika kumi

Tulikutana ghalani, penyewe alipofanyia kazi, watu wamekaa juu ya mapaleti ya kupakilia na viti vya ofisini. Wakae, kwa sababu kuna atakayeishiwa nguvu. Kuwe na maji. Geti lifungwe kwa wateja kwa dakika hizo, na simu ya mapokezi iachwe kwa mtu mmoja ambaye ameshaambiwa kabla.

Aseme mkubwa wa mahali pale, asimtume mtu wa utumishi badala yake. Mkurugenzi wetu si msemaji mzuri, na aliniomba niseme mimi. Nilimwandikia sentensi chache kwenye karatasi nikamwomba azisome tu. Alisoma hivi:

"Ndugu zangu, tumekutana kwa habari ya msiba. Mzee wa Stoo amefariki jana usiku hospitalini. Familia imetuambia aliugua kwa muda mfupi. Mazishi ni leo baada ya swala ya Alasiri, na jeneza litatoka nyumbani kwake Mbagala saa tisa. Kila anayetaka kwenda ana ruhusa, na usafiri upo. Sasa tunyamaze kidogo, kila mtu amwombee kwa imani yake."

Sauti ilimkatika kwenye neno "Mbagala", na hakuna aliyemwona mdogo kwa hilo. Baada ya kimya nilisimama mimi kutoa maelezo ya safari. Usichanganye kazi hizi mbili kwa mtu mmoja, wala usiingize habari ya nani atashika stoo, oda zilizokwama au hesabu ya mwezi. Hayo yana mkutano wake, saa moja baadaye, kwa watu wachache wanaohusika.

Akiuliza mtu "alikuwa anaumwa nini?", jibu ni ile sentensi moja. Akiangua mtu kilio, mwenzake mmoja amtoe nje na akae naye. Msimkimbilie wote.

Tangazo la maandishi

Hili linatoka baada ya mkutano, si kabla. Letu lilitoka saa mbili na nusu, kwa baruapepe na kwenye kundi la WhatsApp, maneno yaleyale pote, na nakala moja ikabandikwa karibu na geti:

"TANGAZO LA MSIBA. Kwa masikitiko tunawatangazia kifo cha mwenzetu (jina kamili), mtunza stoo, kilichotokea jana usiku baada ya kuugua kwa muda mfupi. Alikuwa nasi kwa miaka 11. Msiba uko nyumbani kwake Mbagala (mtaa, na alama ya kufikia). Mazishi ni leo baada ya swala ya Alasiri. Jeneza litatoka nyumbani saa tisa. Magari yataondoka ofisini saa saba kamili. Kuhusu usafiri na rambirambi wasilianeni na (jina, namba ya simu). Tunaomba tusiipigie familia simu, na tusisambaze picha za marehemu wala za msibani. Mwenyezi Mungu amrehemu na awape wafiwa subira."

Angalia ni nini hakimo. Hakuna jina la hospitali, hakuna jina la mjane wala watoto, hakuna sifa ndefu. Sifa zina siku yake. Kabla ya kutuma, msomee kaka wa marehemu kwa simu. Kaka alinirekebisha herufi moja ya jina la ukoo, ambayo ilikuwa imekosewa kwenye majalada yetu miaka yote 11.

Wateja na wasafirishaji waliozoea kumpigia yeye moja kwa moja pia ni watu wa kuambiwa. Kijana mmoja wa mauzo alikaa na simu ya kazi ya stoo asubuhi ile, akawa anapokea na kusema kwa upole kwamba mwenye simu amefariki, na oda zielekezwe kwa nani.

Kwenda msibani

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku zisizopungua 4 zenye malipo anapofiwa na mwenza, mzazi, mtoto, babu au bibi, mjukuu, au ndugu wa kuzaliwa naye. Mfanyakazi mwenzake hayumo, na hata shemeji hayumo. Ndiyo maana ruhusa ya kwenda kuzika lazima itamkwe na mwajiri, tena mbele ya wote, ili msimamizi wa zamu asije akamkatia mtu siku. Mkurugenzi alimpa yule shemeji mpakiaji siku 4 kama ndugu wa damu, na ninaamini alifanya sawa.

Tulikodi Kosta mbili. Tuliondoka saa saba, si saa nane kama wengine walivyotaka, kwa sababu mazishi ya Kiislamu hayamsubiri mgeni aliyekwama kwenye foleni ya barabara ya Kilwa. Walibaki watu watano kwa hiari yao, na tuliwaahidi kwamba wao ndio watakaokwenda kuhani kesho yake kwa gari la ofisi.

Wenzetu wengi ni Wakristo, na wengine hawajawahi kuzika Mwislamu. Kabla ya kupanda gari niliwaeleza mambo machache, kwa sababu mtu asiyejua hukaa pembeni kwa woga na baadaye hujuta. Hakuna kuaga mwili kwa foleni kama kanisani, na mashada ya maua hayahitajiki. Wanawake wajifunike kichwa, kanga au mtandio unatosha. Wao watakaa ndani na wafiwa na kwa kawaida hawaendi makaburini. Wanaume wanaweza kufuata jeneza. Ukipokezwa, libebe hatua chache kisha umpishe mwingine, kwa kuwa kila mtu anataka kushika. Wakati wa swala asiyeswali anasimama nyuma kwa utulivu. Kaburini wanaume hutupia udongo kwa mikono, na asiye Mwislamu akitaka naye anaruhusiwa kushiriki pale wenyeji wanapomkaribisha. Amtazame aliye mbele yake. Simu zibaki mfukoni.

Ukimfikia mfiwa, sema "poleni sana", umshike mkono kama mila ya pale inaruhusu, ukae. Huhitaji hotuba. Mmoja wetu alimwambia mjane, "Jana mchana alinicheka kwa sababu nilikosea kuhesabu maboksi." Yule mama alitabasamu kwa mara ya kwanza siku ile. Kumbukumbu ndogo ya kweli ni zawadi, kwa sababu familia haikuwahi kumwona akiwa kazini.

Rambirambi

Panga watu wawili, si mmoja: anayepokea na anayeandika. Namba ya simu ya kupokelea iwe ya mtu anayeaminika, na daftari lionwe na wote wawili kila jioni. Kila mtu atoe alichonacho. Usiweke kiwango, na usibandike orodha ya nani katoa ngapi. Kukata kwenye mshahara bila mtu kukubali kwa maandishi ni kinyume cha sheria, na hata kama wote wangekubali mimi ningekwepa, kwa sababu mchango uliokatwa haumfariji anayetoa wala anayepokea.

Tulipata shilingi 612,000 kutoka kwa wafanyakazi, na ofisi ikatoa 500,000 kando. Tuliziweka bahasha mbili, kiasi kimeandikwa juu, tukamkabidhi kaka mkubwa mbele ya mama mdogo wa mjane. Mashahidi wa pande zote mbili za familia ni muhimu. Nimeona rambirambi iliyokabidhiwa kwa ndugu mmoja faraghani ikageuka ugomvi ndani ya siku tatu.

Fedha si msaada pekee. Wanawake wa ofisini walipeleka mchele, sukari na majani ya chai siku ya pili, wakakaa jikoni na wenyeji kuosha vyombo. Kijana wa kompyuta alimsaidia mtoto mkubwa wa marehemu kupeleka taarifa shuleni. Waulize wenyeji "kesho kuna pengo gani?" kuliko kusema "mkihitaji chochote mtuambie", kwa sababu mfiwa hatakwambia.

Siku zinazofuata

Funguo za stoo zilikuwa nyumbani kwa marehemu. Meneja alitaka tuziombe siku ileile. Tulitumia za akiba, na kaka alizileta mwenyewe siku ya nne. Meza, koti na kikombe chake viliachwa mahali pake hadi baada ya mazishi. Kisha msaidizi wake na mimi tulivikusanya, tukaandika orodha, tukavipeleka nyumbani. Jina lake kwenye ratiba ya zamu ukutani tuliliondoa jioni watu wakiwa wameondoka. Mwambie pia anayesimamia mifumo aifunge akaunti yake na kuondoa jina lake kwenye salamu za siku za kuzaliwa zinazojituma zenyewe.

Mjane wa Kiislamu hukaa eda miezi 4 na siku 10, na muda huo hatoki ila kwa dharura. Usimwite ofisini kusaini karatasi. Mtumie mfanyakazi mwanamke nyumbani kwake, kwa miadi. Aliyekwenda kwetu alibeba barua ya kuthibitisha ajira na michango ya NSSF, akaeleza kwamba mafao yatahitaji cheti cha kifo kinachotolewa na RITA. Mshahara wa siku alizofanya kazi na malipo ya likizo yake hayakabidhiwi ndugu yeyote anayejitokeza. Yanasubiri msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Mweleze kaka mapema na kwa upole, asije akadhani mnazikalia fedha.

Ndani ya timu, waangalie zaidi waliofanya kazi bega kwa bega naye. Msaidizi wa stoo alirudi siku ya pili akionekana mzima. Wiki ya tatu alianza kuchelewa na kukosea hesabu ambazo hakuwahi kukosea. Msimamizi wake alitaka kumwandikia onyo. Badala yake nilikaa naye nje, chini ya mwembe: "Naona wiki hii uko kimya. Wewe na Mzee mlikuwa mnakula pamoja kila siku." Alilia kwa mara ya kwanza. Watu walikuwa wamemwambia ajikaze, yeye ni mwanaume. Tulimpunguzia zamu za peke yake stoo kwa wiki mbili, na alianza kula mchana na wapakiaji. Angekuwa halali usiku kwa wiki nyingi, angeanza kulewa, au angesema heri amfuate mwenzake, hapo asingeachwa peke yake: ningempeleka hospitali siku hiyohiyo, akiwa na ndugu yake.

Kifo kikitokea kazini mambo mawili yanabadilika. Walioshuhudia wasirudishwe kwenye mashine ileile siku ile, na taarifa ipelekwe OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi bila kuchelewa. Kwa wafanyakazi sema tu yaliyothibitishwa, usitaje kosa la mtu kabla ya uchunguzi. Na mtu akiwa amejitoa uhai, familia ndiyo inayoamua kama litasemwa. Likisemwa, njia aliyotumia haitajwi kamwe, wala kifo hakifungwi kwenye sababu moja kama deni au ugomvi, kwa sababu kuna anayesikiliza ambaye naye ana deni.

Mtunza stoo mpya alianza mwezi wa tatu baada ya msiba. Kadi za bidhaa zilizoning'inia kwenye rafu bado zilikuwa na mwandiko wa Mzee, na meneja aliuliza kama tuziandike upya zote kabla hajaja. Msaidizi aliomba zibaki hadi kila moja ijae yenyewe. Asubuhi ya kwanza nilimpitisha yule mgeni kwenye rafu, nikamwambia mwandiko huu ni wa nani, na kwamba akiijaza kadi amkabidhi kijana, asiitupe.